Sentensi Iliyoiweka Kalemie Katikati ya Ulimwengu

Katika shule niliyofundisha fizikia, mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa sita hakuondoka na makaye yake, yaani madaftari ya masomo. Aliyaacha kwa mdogo wake, au kwa mtoto wa jirani, au aliyabadilisha kwa kitu fulani, shati au debe la mihogo. Vitabu vilikuwa vichache, vingine vimetolewa kurasa, kwa hiyo kaye la mtu aliyefaulu mtihani wa taifa ndilo lilikuwa kitabu. Mwanafunzi mpya aliandika imla niliyoamuru darasani, kisha nyumbani akalinganisha na kaye la aliyemtangulia. Mahali nilipobadilisha neno, alirudisha neno la zamani. Kaye lililofaulu liliaminiwa kuliko mimi.

Nilikuwa sijaligundua hilo vizuri mpaka siku inspekta alipokuja.

Ilikuwa wakati wa Zaire, miaka ambayo sisi walimu wanaume tulivaa abakosti, ile suti ya kola isiyo na tai, hata katika joto la mwezi wa kumi, na kila mkubwa wa serikali aliitwa Sitwayeni, yaani Mwananchi. Sehemu yetu ya Hesabu na Fizikia ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu na bado haikuwa na kibali cha kudumu. Prefe, mkuu wetu wa shule, alituita kwenye biro yake, yaani ofisini, siku ya Jumatatu na kutueleza mambo kwa utaratibu, kama alivyozoea. Inspekta wa sayansi angekuja Alhamisi. Angesikiliza somo moja la mwaka wa sita na kukagua makaye. Akiridhika, sehemu ingepata kibali. Asiporidhika, sehemu ingefungwa, na wanafunzi kumi na tisa wa mwaka wa sita wangehamia sehemu ya Ualimu au kutafuta shule Lubumbashi.

"Lubumbashi nani atawalipia?" aliuliza prefe, akaniangalia. "Papa, utafundisha nini Alhamisi?"

Nikasema: mwanga wa galaksi za mbali. Ndilo somo nililolipenda kuliko yote, nami nilidhani nalijua.

Sasa nieleze nilivyolifundisha, maana kosa langu lilikuwa humo. Shule yetu ilisikia filimbi ya treni kutoka stesheni. Treni inapokuja, filimbi inalia kwa sauti ya juu. Ikishaondoka na kwenda zake upande wa Niemba, sauti hiyo hiyo inashuka. Mawimbi ya sauti ya kitu kinachokuja yanabanana; ya kitu kinachokwenda yanarefuka. Nuru nayo ina mawimbi. Mawimbi mafupi tunayaona kama zambarau na buluu, marefu tunayaona kama nyekundu. Wataalamu wa nyota walipopima nuru ya galaksi za mbali, yaani yale makundi makubwa ya nyota yaliyo nje kabisa ya kundi letu, walikuta imerefuka, imesogea kuelekea upande wa nyekundu. Basi galaksi zinakwenda mbali nasi, kama treni.

Mpaka hapo si vibaya. Lakini nilikuwa nimeongeza sentensi moja ya kufungia somo, nikaiamuru kwa Kifaransa kizuri na kuwaambia waipigie mstari. Kwa Kiswahili ilisema hivi: "Galaksi zote za mbali zinatukimbia sisi, kwa hiyo sisi tuko katikati ya ulimwengu."

Hakuna kitabu kilichonipa sentensi hiyo. Niliitunga mwenyewe, nikaiona ina akili.

Alhamisi inspekta aliingia saa mbili asubuhi. Alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na begi la ngozi ambalo hakutaka mtu amshikie. Alikaa kwenye benchi la nyuma, akaomba makaye kabla sijaanza kusema. Alichukua la kwanza, akasoma. La pili. La tatu. Akaagiza apelekewe yote kumi na tisa. Kisha akaomba na makaye ya zamani yaliyokuwa kwenye mifuko yao, yale ya kurithi, nayo yakapelekwa. Nilisimama ubaoni na chaki mkononi muda wote huo. Nilimsikia mama muuza karanga akikohoa nje ya ukuta.

"Sentensi hii," alisema mwishowe, kwa Kiswahili, jambo lililotushtua kwa kuwa maofisa walitusemesha Kifaransa tu. "Naiona katika makaye yote. Miaka mitatu. Mstari ule ule chini yake. Nani anaweza kunielezea?"

Mikono yote ilinyanyuka. Alimchagua msichana aliyetoka mji wa Moba, mmoja wa wasichana wawili katika darasa lile. Alikuwa anakaa kwa shangazi yake, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, na viatu vyake vilinukia samaki kidogo kila asubuhi. Wenzake walimtania, naye aliwajibu kwa alama za mtihani.

"Zinatukimbia pande zote, Sitwayeni Inspekta," alisema, kwa Kiswahili chetu ambacho "ndiyo" ni "njo". "Kitu kikikimbiwa pande zote, njo kiko katikati."

"Kiko katikati. Vizuri. Na wewe ungekuwa unakaa katika galaksi moja kati ya hizo za mbali, ungeona nini?"

Msichana aliniangalia mimi.

"Usimuangalie mwalimu. Mimi nauliza wewe."

"Kaye halisemi, Sitwayeni."

Darasa lilicheka, kisha likajuta. Inspekta hakucheka. Aligeuka kwangu.

"Mwalimu, unatoka wapi?"

"Hapa hapa Kalemie."

"Nilijua. Mimi ni mtu wa Kongolo. Kwetu reli inapita. Treni inatoka huku, inavuka daraja, inakwenda kule, na kila mtu anajua stesheni yetu ni moja tu kati ya nyingi. Ninyi hapa reli yenu inakomea kwenye ziwa. Treni inakuja kwenu au inaondoka kwenu, hakuna namna nyingine. Njo maana munafikiri ulimwengu wote unatokea stesheni ya Kalemie."

Sasa darasa lilicheka kweli, na mimi nilihisi joto kwenye shingo, chini ya kola ya abakosti. Ningeweza kujitetea. Prefe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alinifanyia ishara ya macho kwamba nijitetee. Lakini swali la yule mtu lilikuwa limeshaniingia. Ungekuwa kule, ungeona nini? Kwa miaka mitatu sikuwahi kujiuliza.

"Sitwayeni Inspekta," nilisema, "sijui."

Prefe alishika paji la uso.

Inspekta alitazama saa yake. "Ni mapumziko. Nitarudi saa nne. Kaa Kongolo, mwalimu, uangalie tena kutoka kule. Halafu utuambie."

Nilitoka kwenda kwenye baiskeli yangu, si kwa sababu nilikuwa na wazo lolote, bali kwa sababu ilikuwa nyuma ya jengo na hakuna mtu ambaye angeniona huko. Kwenye keria yake ilifungwa kamba ya mpira, ile wanayokata kutoka mpira wa ndani wa gurudumu ili kubana mzigo. Mji mzima ulifungwa kwa kamba hizo: magunia ya ndagala, vitanda, kuku. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na kamba ilikuwa na madoa ya matope yaliyokauka. Niliifungua nipate cha kushika mikononi. Nikaivuta.

Madoa yaliachana.

Nikaivuta tena, taratibu, macho yangu yakiwa kwenye doa moja la katikati. Jirani zake walisogea mbali nalo kidogo. Majirani wa jirani walisogea zaidi. Nikahamisha macho kwenye doa lingine, karibu na mkono wa kushoto, nikaivuta mara ya tatu. Nalo lilikimbiwa. Kila doa nililolichagua lilikimbiwa na mengine yote, na hakuna doa hata moja lililokuwa limetembea juu ya mpira. Yalikuwa yamekaa palepale yalipogandia. Ni mpira uliokuwa unaongezeka kati yao.

Nakumbuka nilikaa chini, kwenye tope, na suruali safi.

Saa nne darasa lilikuta kamba juu ya meza. Nilimwita msichana wa Moba kwa kuwa mikono yake ilizoea kufunga mafungu ya samaki. Alifunga vifundo saba vya uzi mweupe kuizunguka kamba, kila kimoja sentimeta kumi kutoka kwa jirani yake. Wavulana wawili walishika ncha.

"Kila kifundo ni galaksi," nilisema. "Mpira ni nafasi iliyo kati yao. Sasa vuteni mpaka urefu uwe mara mbili. Pande zote sawasawa, musivute kama munagombania mbuzi."

Walivuta. Msichana alipima kwa rula kubwa ya ubaoni kutoka kifundo cha kwanza, na mimi nikaandika. Jirani aliyekuwa kwenye kumi sasa yuko kwenye ishirini: amesogea kumi. Wa pili alikuwa ishirini, sasa arobaini: amesogea ishirini. Wa tatu alikuwa thelathini, sasa sitini: amesogea thelathini. Muda ni ule ule. Aliye mbali mara tatu amekwenda kwa mwendo mara tatu.

"Sasa hamia kifundo cha nne," alisema inspekta kutoka nyuma.

Walilegeza, wakavuta tena. Msichana alipima kwenda kulia, akapima kwenda kushoto. Kumi, ishirini, thelathini. Kumi, ishirini, thelathini. Alinyanyua kichwa.

"Prof, kila mmoja anadhani yeye njo katikati."

"Na nani ana haki?"

Alifikiri. "Wote. Ao hakuna."

Baadaye niliandika jibu hilo kwenye daftari langu na saa yake pembeni: saa nne na dakika kumi na nane. Nilikuwa na tabia hiyo, na bado ninayo.

Mvulana aliyeshika ncha ya kushoto, mcheshi wa darasa, alisema: "Prof, basi Kigoma nayo inaenda mbali. Njo maana bei ya pasaje ya boti inapanda."

"Angalia kifundo chenyewe," nilimwambia. "Uzi umenenepa?"

"Hapana."

"Kimejikaza. Hakifuati mpira. Galaksi inashikwa na uzito wake wenyewe, nyota kwa nyota. Dunia hivyo hivyo. Wewe unashikwa na mifupa yako. Hata ziwa likipanuka siku moja, si kwa sababu hii. Kunyooka huku kunaonekana kule tu ambako nafasi ni kubwa mno, kati ya makundi na makundi."

"Na ncha hizi ninazoshika? Mwisho wa ulimwengu uko mkononi mwangu?"

Hapo nilikwama tena, na inspekta akanisaidia kwa mara ya kwanza. "Ncha ni za kamba, si za ulimwengu," alisema. "Mfano una mahali unapokomea, na hapo tunauacha. Hakuna aliyewahi kuona ncha ya ulimwengu. Mufikirie kamba ambayo mikono haifiki."

Kisha nilichora wimbi jeupe kwa chaki juu ya mpira mweusi, mlima na bonde, mlima na bonde, milima ikiwa na vidole viwili kati yake. "Hii ni nuru, imetoka kwenye galaksi ile, iko njiani kuja kwetu. Vuteni." Wimbi lilinyooka mbele ya macho yao mpaka milima ikawa na vidole vinne kati yake. Hakuna aliyeigusa chaki. "Ilipotoka kule haikuwa imerefuka. Imerefushwa njiani, kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa inarefuka. Ikifika kwetu na urefu mara mbili, tunajua ulimwengu umenyooka mara mbili tangu ilipoanza safari."

Inspekta alikuja mbele. Alifungua begi lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mabaka ya chai, akaibandika ubaoni kwa ute wa unga wa mhogo aliouomba jikoni kwa watawa, majirani wa shule, wakati wa mapumziko. Hapo nilielewa kwamba alikuwa amekusudia kuionyesha hata kama mimi ningeshindwa. Ilikuwa nakala ya picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Michirizi mitano ya kijivu ilipangwa mmoja chini ya mwingine. Kushoto kwa kila mchirizi kulikuwa na picha ya galaksi yake: ya juu kubwa na angavu, ya chini kabisa kidoa ambacho ungedhani ni uchafu wa karatasi.

"Karibuni," alisema.

Walimzunguka wote kumi na tisa, na prefe na mimi.

"Nuru ikipita kwenye prizma inakuwa ukanda wa rangi. Hapa munaona kijivu tu, lakini huku ni zambarau, kule ni nyekundu. Ndani ya ukanda kuna vijistari vyeusi, viwili pamoja kama macho. Munaviona? Hiyo ni alama ya kalsiamu. Kalsiamu iliyo kwenye nyota imekula rangi hizo mbili. Kila kitu kina alama yake na hakibadilishi, kama alama ya kidole. Mwalimu ameshika nini?"

"Chaki," walisema.

"Ndani ya chaki kuna kalsiamu. Ndani ya mifupa ya ndagala kuna kalsiamu. Ni ile ile. Sasa fuata vijistari viwili ukishuka."

Aliweka kidole kwenye mchirizi wa juu. Vijistari vilikuwa karibu na ukingo wa zambarau. Mchirizi wa pili, vimesogea kidogo upande wa nyekundu. Wa tatu, zaidi. Viwili vile vile, pamoja vile vile, kama watu wawili wanaotembea njia moja. Kadiri galaksi ilivyokuwa ndogo na hafifu, yaani ya mbali zaidi, ndivyo vijistari vilivyokuwa vimetembea zaidi. Havikuwa vimefika kwenye nyekundu. Vilielekea huko tu, na hatua zao ndizo zilizopimwa.

Msichana wa Moba alisogeza uso wake mpaka karibu aguse karatasi. "Hiki kidogo," alinong'ona, "nuru yake ilitoka lini?"

"Kabla ya Kalemie. Kabla ya ziwa. Kabla ya samaki wa kwanza."

Niliona mvulana mcheshi amenyanyua chaki kutoka ubaoni na anaigeuzageuza mbele ya macho yake, kitu alichokishika kila siku tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Kidoa kile, kwa umbali ambao hata kuutamka hatungeweza, kilikuwa na kalsiamu ile ile ya chaki. Nacho kilikuwa kimetuma habari hiyo ikafika mpaka kwetu, imenyooka, lakini inasomeka.

Ndipo yule mvulana mwingine wa kamba, aliyekuwa bado ameivuta kwa mikono yake miwili kwa kusahau, akailegeza taratibu. Vifundo vyote vilirudi vikakaribiana. Sote tuliangalia bila kuambiwa. Ni inspekta aliyesema, kwa sauti ya chini: "Njo hivyo. Ukirudi nyuma, vyote vilikuwa karibu. Kila mahali palikuwa karibu na kila mahali."

Kwenye biro ya prefe inspekta alikunywa maji glasi mbili, akaandika kwa muda mrefu. Kisha akanisomea. Somo la pili lilikuwa zuri. Somo la kwanza lilikuwa baya. Kibali kingetolewa kwa sharti moja: nisahihishe sentensi ile katika makaye yote, ya darasa hili na ya madarasa mawili yaliyopita, na kila mwenye kaye atie sahihi. Orodha imfikie kwa treni kabla ya Noeli.

"Yote, Sitwayeni?" aliuliza prefe. "Wengine wameshamaliza."

"Makaye yao hayajamaliza," alisema inspekta. "Likibaki moja, mwaka ujao yatakuwa kumi."

Nilizunguka mji kwa baiskeli wiki saba, na kalamu nyekundu na kamba ya vifundo mfukoni. Kila kaye nililipata kwa kufuata nani alimwachia nani. Moja lilikuwa kwa mpiga pasi karibu na soko, moja kwa katekista, moja lilikuwa limekwenda Niemba na likarudi na kuku. Kila mahali nilikata sentensi, nikaandika juu yake: "Galaksi za mbali zinaachana zote, kwa kuwa nafasi inanyooka, katikati hakuna." Na kila mahali waliniomba niivute ile kamba. Mama mmoja aliniomba niivute mara tatu, kisha akaita majirani.

Orodha yangu ilikuwa na majina hamsini na nne. Nikapata sahihi hamsini na tatu.

Wa mwisho alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza kabisa, sasa karani wa mizigo stesheni. Nilimkuta kwenye dirisha lake siku ya treni ya mwisho kabla ya Noeli, orodha ikiwa mkononi.

"Kaye lile, Prof?" Alijikuna shingo. "Mama alilichana. Alifungia karanga. Limeliwa lote."

"Lote?"

"Fizikia, kemia, yote. Pengine kuna mtu sokoni amesoma kwamba Kalemie njo katikati ya ulimwengu, akatupa karatasi."

Alicheka, akaona mimi sicheki. Nikamweleza habari ya sehemu na kibali. Aliangalia treni, iliyokuwa inapakiwa, akatoka nje ya kibanda chake.

"Nionyeshe basi."

Nilimpa ncha moja ya kamba. Tulivuta pale kwenye jukwaa, katikati ya magunia. Alitazama kifundo kilicho karibu naye, kisha, bila mimi kumwambia, akainama akatazama kutoka kifundo kilicho karibu nami. Akakaa ameinama hivyo. Watu walimpita na mizigo kichwani.

"Kumbe," alisema. "Na kule nako kuna muntu anafikiri hivi hivi."

"Kama yupo."

Alirudi ndani, akachukua fomu ya mizigo, akaigeuza upande usioandikwa. Hakuniomba niamuru. Aliandika mwenyewe mistari mitano, kwa maneno yake, kuhusu vifundo na mpira na wimbi linalorefuka njiani, na kwamba filimbi ya treni ni njia ya kuanzia tu. Akatia sahihi, akagonga muhuri wa stesheni, nadhani kwa mazoea. Niliibana pamoja na orodha, nikaandika nje jina la cheo cha inspekta, na karani mwenyewe akaikabidhi kwa mkuu wa treni.

Filimbi ililia. Tulisimama kusikiliza sauti ikishuka, jinsi tulivyoizoea, mpaka ikaisha upande wa Niemba.

Kibali kilifika mwezi wa pili. Ndani ya bahasha inspekta alikuwa ameweka ile picha yake ya michirizi mitano, na fomu ya karani, aliyoirudisha. Juu ya fomu aliandika kwa penseli: "Hii ndiyo wanafunzi wainakili."